Pangia usiku wa kuoka kuanzia saa ya bajaji

Wengi wanaoanza kuoka mikate hupanga usiku kuanzia saa ya kukanda. Anza na saa ambayo mzigo lazima uondoke, kisha rudi nyuma. Tuchukue mfano wa mwokaji wa Dar es Salaam mwenye oveni moja inayobeba tini 24 za mkate wa gramu 400. Ana oda ya mikate 72 iliyokatwa slesi, pamoja na trei za skonzi, na bajaji inaondoka saa 11:30 alfajiri. Wafanyakazi ni wawili.

Hesabu mzigo uwe tayari saa 11:00, ile nusu saa ibaki ya dharura. Mkate wa ukubwa huu unahitaji kama saa mbili kupoa kabla ya kukatwa. Kukata na kufunga 24 za mwisho, weka nusu saa. Zile 48 za mwanzo zitafungwa wakati hizi zinapoa. Kwa hiyo awamu ya tatu ya oveni lazima itoke saa 8:30 usiku.

Sasa pima mzunguko wa oveni. Mkate unaiva kwa dakika 35, lakini mlango ukifunguliwa joto linashuka, na kutoa, kupakia na kusubiri joto lirudi kunakula dakika 10 nyingine. Mzunguko ni dakika 45, si 35. Anayesahau hizo 10 anachelewa zaidi kila awamu, na kosa linaonekana alfajiri wakati halirekebishiki. Awamu zinaingia saa 6:25, 7:10 na 7:55 usiku.

Kukanda dakika 15, kuumuka mara ya kwanza 45, kukata na kuviringisha 20, kuumuka ndani ya tini 60: jumla saa 2 na dakika 20. Donge la kwanza linakandwa saa 4:05 usiku, la pili 4:50, la tatu 5:35. Usikande yote kwa pamoja hata kama mashine yako inaweza. Donge la tatu litasubiri oveni dakika 90 zaidi, na hamira haisubiri. Utalijua ukibonyeza kwa kidole chenye maji: alama ikibaki bila kurudi hata kidogo, limepita kiasi. Ndani ya oveni mkate huo unabonyea juu, ubavu unaingia ndani, na chini ya ganda kunabaki uwazi.

Kila donge ni unga kilo 6.6, maji lita 3.8, sukari gramu 330, mafuta 200, chumvi 120 na hamira ya chenga 66. Kata vipande vya gramu 460, kwa sababu mkate unapoteza kama gramu 55 hadi 60 za maji ukiiva na kupoa.

Joto la Pwani ndilo linaloharibu ratiba hii. Lenga donge litoke kwenye mashine likiwa nyuzi 27. Kupata joto la maji, zidisha 27 kwa 3, upate 81. Toa joto la chumba, la unga na lile linaloletwa na mashine. Chumba kikiwa 30, unga 30 na mashine 8, maji yawe nyuzi 13, yaani lazima uweke barafu, na uzito wake uuhesabu ndani ya zile lita 3.8. Hiyo 8 ni ya mfano. Ya mashine yako utaipata kwa kupima donge lenyewe mara kadhaa.

Skonzi zije mwisho, kwa kuwa zinapoa ndani ya dakika 45 hivi. Zikandwe saa 6:55, zikatwe saa 8:00 baada ya awamu ya tatu kuingia, ziingie oveni saa 9:10 na kutoka kama saa 9:30. Kabla ya saa 10:30 zimeshafungwa, na mikono iko huru kwa mikate ya mwisho.

Kupoa ndiko watu wanakoiba muda. Mkate utoke kwenye tini ndani ya dakika 10, usije ukalowa chini, ukae juu ya rafu ya waya bila kugusana. Saa mbili ni makadirio tu. Kipimajoto kikichomwa katikati kinapaswa kusoma nyuzi 35 au chini, na usiku wenye joto itachukua muda zaidi. Ukikata mapema, nyama ya mkate inanata kwenye kisu na slesi zinabonyea. Ukifunga mapema, matone yanajikusanya ndani ya mfuko na ukungu unawahi kuota.

Saa 10:30 ikifika na mikate 24 ya mwisho bado ina nyuzi 38, tumia ile nusu saa ya dharura. Hata hiyo isipotosha, ipakie mizima, bila slesi, kwenye kreti zilizo wazi, na mwambie mwenye duka kabla bajaji haijafika.