Kabla hujatafsiri mkataba, hesabu vitenzi vyake

Ukipewa mkataba wa kimataifa uutafsiri kwa Kiswahili, usianze na istilahi ngumu. Hizo zina kamusi. Mimi huipitia hati nzima kwanza nikipigia mstari kila "shall", "should", "may" na "will", kabla sijaandika hata sentensi moja. Kila neno hapo lina kiwango chake cha wajibu kilichobishaniwa mezani, na mtafsiri hana ruhusa ya kukilegeza wala kukikaza.

Wanaoanza kazi hii huwa nawaonyesha Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 kuhusu tabianchi. Katika matini ya mwisho iliyogawiwa Desemba 12, ibara ya 4(4) ilitumia "shall" kwa nchi zilizoendelea: ziendelee kutangulia kwa kujiwekea malengo ya kupunguza gesijoto katika uchumi wao wote. Wamarekani wakakataa, kwa kuwa wajibu wa kisheria wa aina hiyo ungeweza kuulazimu mkataba kupita Seneti yao, na huko matumaini yalikuwa finyu. Kikao kikachelewa. Hatimaye sekretarieti ikasoma masahihisho yaliyoitwa ya kiufundi, na "shall" ile ikawa "should".

Sasa iandike kwa Kiswahili: "nchi zilizoendelea zinapaswa kuendelea kutangulia." Msomaji mmoja atasikia amri, mwingine atasikia nasaha, kwa sababu "kupaswa" tunakutumia kwa yote mawili. Tofauti iliyosimamisha mkutano mzima imepotea. Ndiyo maana kwenye mikataba nimeliacha kabisa neno hilo. "Zingepaswa" ndiyo mbaya zaidi, maana inasikika kama lawama kwamba hawakufanya. Kwa "should" naandika "yafaa ziendelee". Wala usishuke hadi "zinahimizwa", kwa kuwa ibara hiyohiyo ina ngazi hiyo pia: nchi zinazoendelea yafaa zizidishe juhudi, halafu zinahimizwa kuelekea malengo ya uchumi mzima kadiri muda unavyokwenda. Ngazi mbili katika sentensi moja, na zote mbili lazima zionekane.

Kwa "shall" wengi wetu tumezoea "-ta-" ya sheria zetu. Katiba ya Tanzania inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", na hakuna anayedhani huo ni utabiri. Mkataba usiotumia "will" nautafsiri hivyo bila wasiwasi. Lakini Paris inayo. Ibara ya 4(2) inasema kwa "shall" kwamba kila mwanachama aandae na kuwasilisha mchango wake wa kitaifa. Ibara ya 4(3) inasema kwa "will" kwamba mchango unaofuata uwe hatua mbele kuliko uliopo. Hapo waliandika tarajio zito, ila si wajibu wa kiwango kile cha 4(2). Ukitia "-ta-" kote, umezilinganisha ibara mbili ambazo hazikukusudiwa kulingana.

Nilipokwama hapo nilifungua matini ya Kifaransa, mojawapo ya lugha sita rasmi za mkataba huo (Kiswahili hakimo). Wafaransa wameweka wakati uliopo kwa "shall" na wakati ujao kwa "will". Kiswahili changu kikawa hivi: 4(2), "Kila mwanachama sharti aandae na awasilishe mchango wake", 4(3), "Mchango unaofuata wa kila mwanachama utakuwa hatua mbele kuliko uliopo." "-ta-" imebaki kwa "will" peke yake.

"May" inaonekana rahisi mpaka ukutane na ukanushi. Ibara ya 28 inampa mwanachama ruhusa ya kujitoa baada ya miaka mitatu tangu mkataba uanze kutumika kwake. "Anaweza kujitoa" inaweza kusomwa kama "huenda akajitoa", kwa hiyo nachagua "ana hiari ya kujitoa". Ibara ya 27 nayo ina "may", lakini iliyokanushwa: nchi isiridhie mkataba huku ikijivua baadhi ya vifungu. Hilo ni katazo kamili, na hiari haimo. Naandika "hairuhusiwi". Anayebadilisha maneno kwa amri moja ya kompyuta hunaswa hapa. Hata "sharti" ina mtego wake: "sharti asiwasilishe" ni marufuku, "si sharti awasilishe" ni ruhusa ya kuacha.

Jedwali la maamuzi haya likae ukurasa wa kwanza wa faili lako, hasa kama mnagawana sura, la sivyo kila mmoja atakuja na "-paswa" yake. Mkimaliza, mpe mwenzenu Kiswahili kitupu bila Kiingereza, aandike pembeni ya kila kifungu: lazima, tarajio, yafaa au hiari. Linganisha na mistari uliyopiga mwanzoni. Palipotofautiana, rudi kwenye kitenzi, hata kama sentensi inasomeka vizuri.