Ufundi wa AC au shahada ya biashara: nani atatangulia, na hadi lini?

*"Mwanangu amepata C+ kwenye KCSE, anataka chuo kikuu kusomea biashara. Kaka yangu ana kazi ya ufundi wa AC na friji Kongowea, asema nimwachie yeye, baada ya miaka miwili atakuwa anajilisha. Baba yake ni kibarua bandarini, karo itatubana. Kwa maisha yote, ipi itamwingizia pesa zaidi?"*

Dada, mimi ni fundi wa AC, nina kiduka changu Tudor. Mdogo wangu ana shahada ya biashara na ameajiriwa. Hesabu hii kwetu nyumbani imepigwa mara nyingi, mara nyingine kwa kelele. Jibu langu ni kwamba mpaka kijana afike miaka 30 hivi, fundi huwa mbele kwa mbali. Kutoka hapo kwenda juu yategemea mawili: mwenye shahada amepanda cheo au amebaki pale pale, na fundi ameingia kwenye mikataba au bado anangoja simu ilie.

Nikuwekee hesabu ya miaka 10 tangu amalize fomu foo. Ni makadirio yangu kwa maisha ya hapa Mombasa, nawe ukiwa na bei zako badilisha.

Tuanze na chuo. Hata akisoma karibu, tuseme TUM hapa Tudor, akilala nyumbani, ukijumlisha sehemu ya karo inayowaangukia, nauli, chakula, simu na mambo ya kupigisha chapa, weka 120,000 kwa mwaka. Miaka 4 ni 480,000. Akimaliza, kazi haimngoji mlangoni. Weka miaka 2 ya mafunzo ya kazini na vibarua vya hapa na pale, 10,000 kwa mwezi, hiyo ni 240,000. Halafu apate ajira ya 40,000 mkononi kwa miaka 4 iliyobaki, ni 1,920,000. Toa gharama ya chuo, anabaki na 1,680,000.

Sasa kwa mjomba. Mwaka wa kwanza atapewa hela ya chakula na nauli, tuseme 5,000 kwa mwezi. Mwaka wa pili 10,000. Hapo jumla ni 180,000, na wala hamjalipa karo. Mwaka wa tatu hadi wa tano, akianza kushika kazi zake mwenyewe, wastani wa 25,000 ni 900,000. Miaka 5 ya mwisho kwa wastani wa 40,000 ni 2,400,000. Toa 100,000 ya vifaa na mitihani. Ana 3,380,000. Kwa hivyo akiwa na miaka 28 fundi amemwacha mwenzake kwa 1,700,000, na wote wawili kwa sasa wanapata 40,000 kwa mwezi.

Wengi wetu mafundi hesabu tunaikomesha hapo, tukicheka. Lakini iendeleze. Mwenye shahada akipandishwa akafika 80,000, na fundi akabaki 40,000, kila mwaka anapunguza pengo kwa 480,000. Miaka mitatu na nusu imekwisha hiyo 1,700,000, na kijana hajafika hata miaka 33. Kutoka pale mpaka kustaafu ana miaka zaidi ya 25 ya kuwa mbele, tena mwajiri anamchangia NSSF. Sasa igeuze. Akae bila kazi ya maana miaka 5 badala ya 2, pengo linakuwa 2,780,000 kwenye umri wa miaka 28. Akipata hiyo 80,000 akiwa na miaka 34, atamfikia fundi akikaribia 40. Na akibaki kwenye 40,000, hamfikii kabisa.

Unaona basi mshahara wa kwanza hauamui mengi. Kinachoamua ni muda wa kungoja kazi na kipato kinavyopanda au kubaki pale pale baada ya miaka 30. Shahada ya biashara ina hatari hapo kwa sababu haimpi leseni ya kazi yoyote maalumu, anashindana na kila mtu. Angekuwa ameitwa uuguzi au uhandisi, ningekwambia mpeleke, na maneno yaishe. Kuhusu mkopo wa HELB jua kwamba riba yake ni ndogo, 4% kwa mwaka, lakini deni hilo haliulizi kama umepata kazi au la. Mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo wanataka uanze kulipa, na ukinyamaza kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Mtu anayengoja ajira miaka 5 bila kuwaandikia barua huumia hapo.

Hatari ya fundi ni ya aina nyingine, na kwa kazi yetu hapa Pwani ina kalenda. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, joto linapanda, simu haipoi, unakataa kazi. Kusi ikivuma, Juni mpaka Agosti, watu wanafungua madirisha. Kabla yake, kuanzia Aprili, hoteli nazo zimepunguza wageni na mvua kubwa inanyesha. Wastani wa 40,000 niliokuandikia kwa kweli ni 70,000 ya Februari na 15,000 ya Julai. Kijana asiyejua hilo anaoa Machi na kukopa Julai. Ongeza kwamba vipande vya nje vya AC vimefungwa ukutani ghorofa ya nne, na fundi anayejitegemea akianguka hakuna mwajiri wa kumlipa fidia. Sheria ya fidia za kazini humlinda aliyeajiriwa. SHA na NSSF atajilipia mwenyewe.

Dawa ya kusi ni mikataba ya kuhudumia. Chukua nyumba ya wageni Nyali yenye AC 30. Hewa ya chumvi inakula mapezi ya alumini ya kondensa, kwa hivyo kila miezi 3 lazima zioshwe na kukaguliwa, joto liwepo lisiwepo. Kwa 2,000 kila moja, ni 240,000 kwa mwaka. Ukilipa vijana, sabuni na usafiri, kwako labda inabaki 144,000, yaani 12,000 kila mwezi. Nyumba 5 za namna hiyo ni 60,000 kwa mwezi hata upepo ukivuma vipi, kabla hujagusa kazi za dharura. Hapo ndipo fundi anaacha kutegemea mikono yake miwili. Shida yake ni malipo kuchelewa. Kuna mteja wangu mmoja alikaa na hela yangu tangu msimu wa mvua mpaka karibu Krismasi, na vijana walitaka chao kila Jumamosi.

Mikataba hiyo nayo haimpati fundi wa maneno matupu. Meneja anataka cheti, PIN ya KRA, na risiti ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na risiti hiyo haikubaliki kwenye kodi yake. Cheti ni cha mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanza daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Kijana aliyejifunzia kwa fundi anaruhusiwa kuufanya bila kupitia darasani. Na hata kwa kuajiriwa kunasaidia: jedwali la serikali la mishahara ya chini linamtenga fundi asiye na daraja na mwenye daraja, na kila daraja lina kiwango chake. Nimeona mafundi hodari kuliko mimi wakibaki kwenye kuitwa itwa tu kwa kukosa karatasi hiyo.

Lakini yote haya yasimama juu ya jambo moja: mjomba anamfundisha nini? Si kila anayeshika spana ni mwalimu, dada, na samahani kwa kaka yako, simjui. Nenda siku anafunga AC mpya, uangalie baada ya kuunganisha paipu za shaba. Fundi wa kweli anajaza naitrojeni kwanza kupima kama kunavuja, halafu anaunganisha pampu ya vakyumu na kuiacha ivute hewa na unyevu, akitazama gaji, ndipo afungue gesi. Fundi wa njia ya mkato anafungulia gesi kidogo isukume hewa nje, dakika moja, kazi imekwisha na AC inapoza vizuri mbele ya macho yako. Zamani za gesi ya R22 mtu aliweza kupona na mchezo huo. Mashine za gesi mpya, R410A na R32, zina mafuta yanayonyonya unyevu upesi, unyevu unazaa asidi, na baada ya muda kompresa inaungua. R32 tena hushika moto, na R410A ina shinikizo kubwa zaidi ya mara moja na nusu ya R22, kwa hivyo gaji na mipira ya zamani si ya kuchezea nayo. Kijana aliyefunzwa njia ya mkato atatumia miaka yake ya 20 kurudia kazi bure na kupoteza wateja, na ile hesabu yangu ya 3,380,000 hataiona.

Alama nyingine ni AC inayoongezwa gesi kila baada ya miezi michache. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua kuna tundu, na anayejaza bila kulitafuta anauza gesi tu.

Kwa mwanao ningefanya hivi. Matokeo yametoka Januari na vyuo hufunguliwa Agosti au Septemba. Mpeleke kwa mjomba sasa hivi kaskazi ikiwa bado, na asiondoke ikianza mvua, auone mwezi mnono na mwezi mkavu kwa mjomba yule yule. Maombi ya chuo yaendelee kama kawaida, nafasi asiiachie. Kabla hajaanza, kaeni na kaka yako muandike kwenye karatasi: hela ya kila siku ni ngapi, lini ataanza kulipwa kwa kazi badala ya nauli, na nani atalipia mtihani wa daraja la tatu. Ikiwa kufika Julai kijana mwenyewe anaweza kukueleza kwa nini vakyumu inavutwa, na mjomba ana angalau mkataba mmoja wa kuhudumia, mimi ningemwacha kwa mjomba. Ikiwa kazi yote ni kubeba ngazi na kujaza gesi, mwambie afungashe aende chuo, na likizo za Disemba aje kwangu Tudor, kaskazi sikosi kazi ya kumpa.