Oksitosini imeisha na mama kavuja damu: barua ya wilayani iandikeje

Manesi wenzangu wa zahanati, barua ya "tunaomba dawa, hali ni mbaya" inaishia kwenye faili. Mimi nimeona inayojibiwa ni ile ambayo mfamasia wa wilaya akiisoma anapiga hesabu palepale bila kukutafuta kwa simu.

Kwetu oksitosini iliisha, mama akajifungua usiku, kondo la nyuma likatoka vizuri tu lakini mfuko wa uzazi ukabaki laini, haukazi, damu inamwagika, kwa makadirio mililita 800, na misoprostoli nayo hamna. Tukakanda mfuko wa uzazi, tukaweka dripu, tukatoa mkojo kwenye kibofu, tukampa rufaa. Kwenye barua nikayapanga hayo kwa saa: mtoto katoka saa ngapi, damu imezidi saa ngapi, gari limefika saa ngapi. Jina la mama sikuweka maana barua inapita mikono mingi, niliweka namba ya rejista.

Sasa hapa kuwa makini. Usiandike kwamba kakosa dawa ndo maana kavuja, kwa sababu wapo wanaovuja hata wakichomwa na mtu atakubishia hapohapo. Andika kwamba alitakiwa kuchomwa yuniti 10 kwenye msuli mara tu mtoto alipotoka, hakuchomwa kwa sababu ampuli hazikuwepo. Leja inaonyesha sifuri, ambatanisha kopi yake.

Halafu ije hesabu, na hii ndo wengi wanairuka. Tuseme ndani ya siku 60 mmetumia ampuli 40. Ukigawa kwa miezi miwili unapata 20 kwa mwezi, wilaya wanawaletea kwa kiwango hicho na zinaisha tena. Lakini kama siku 20 kati ya hizo stoo ilikuwa tupu, zile 40 mmezitumia kwa siku 40 tu, yaani moja kwa siku, kwa hiyo mahitaji yenu halisi ni kama 30 kwa mwezi. Ukiacha kutaja siku za ukosefu, ripoti yako mwenyewe ndo inaonyesha mnahitaji kidogo, na hilo linaniuma kweli maana mama wa mwezi ujao ndo anaumia.

Taja na friji, kwamba inasoma nyuzi 2 hadi 8, la sivyo watauliza kama dawa iliwaharibikia. Kisha omba kitu kinachotekelezeka: ampuli ngapi, ifikapo tarehe ngapi, na kama bohari hawana basi waruhusu mwazime kituo cha jirani chenye ziada. Hapo hapo omba misoprostoli, maana kama oksitosini haipo mama anameza mikrogramu 600 za kuzuia kuvuja damu mara tu mtoto akitoka, na yenyewe haihitaji friji.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo uiweke pamoja na leja.