Kufungua semina kwa watu wenye aibu

"Jumatatu naendesha semina ya akina mama wauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, wengi wana aibu, nianzeje?"

Dada, usizungushe kila mtu ajitambulishe, wa mwisho atakaa anapanga maneno moyo unamwenda mbio wala hasikii wenzake. Sema hivi: "Karibuni mama zangu, tunamaliza saa sita, hakuna atakayesimamishwa aongee kwa lazima. Geukia jirani yako, mwambie unajuaje dagaa wamekauka vizuri, dakika 3." Wewe kaa pembeni. Wakinyamaza mapema ujue swali gumu, badilisha, uliza bei ya leo. Kisha usimwite mtu, uliza tu nani kasikia kitu kizuri kwa jirani, maana maneno ya mwenzio hayatii aibu. Kwenye semina kule Igombe, mama mmoja kajifunika khanga mpaka mdomoni ndo akaanza, "huyu jirani yangu anamvunja dagaa katikati, akilia ka! kakauka".