Kifuniko cha nini? Majibu kwa wanaotafsiri vipeperushi vya viuatilifu

Naomba kujua, kifuniko kimoja ni mililita ngapi? (Wasomaji kadhaa, tena)

Kifuniko cha nini? Cha chupa ya maji, cha soda, au cha dawa yenyewe? Kampuni hiyohiyo huuza chupa ya mililita 100 na ya lita moja, na vifuniko vyake havilingani. Ukiandika "vifuniko viwili" umemwachia mkulima akadirie, halafu mimea ikiungua au wadudu wasipokufa, lawama inakwenda kwa dawa. Andika mililita, na mweleze pa kuzipimia: bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake, linapatikana duka la dawa za mifugo kwa bei ndogo. Liandikwe SUMU kwa wino usiofutika, likae pamoja na bomba la kunyunyizia, lisiingie ndani ya nyumba. Na kwa wale wanaopenda "kijiko kimoja cha chai": kijiko kikishatoka jikoni kwenda shambani, jioni kitarudi jikoni. Msikiandike kabisa.

Lebo ya Kiingereza inasema mililita 500 kwa hekta, katika lita 200 hadi 400 za maji. Nimetafsiri "mililita 20 kwa bomba la lita 16". Mwenye duka la pembejeo anasema ni 40. Nani kakosea? (Afisa ugani, Njombe)

Hesabu zenu zote mbili ziko sawa, ila kipeperushi chako hakijakamilika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asilimia kubwa ya vipeperushi vinavyonifikia vinaharibikia hapahapa.

Hekta ni ekari mbili na nusu hivi, kwa hiyo mililita 500 kwa hekta ni kama mililita 200 kwa ekari. Hiyo 200 ndiyo isiyobadilika. Maji yanabadilika. Wewe umechukua lita 400 kwa hekta, yaani lita 160 kwa ekari, yaani bomba 10 za lita 16. Gawa 200 kwa 10, unapata 20. Mwenye duka amechukua lita 200 kwa hekta, yaani lita 80 kwa ekari, bomba 5. Gawa 200 kwa 5, unapata 40.

Sasa mkulima wako anamaliza ekari kwa bomba ngapi? Hilo halimo kwenye lebo, na wewe hukumuuliza. Kama mahindi yake bado yako magotini naye anatembea haraka, huenda anatumia bomba 5. Akifuata kipeperushi chako ataweka 20 mara 5, sawa na mililita 100 kwa ekari nzima. Ni nusu ya kipimo. Viwavi watapepesuka kidogo, kesho yake wanaendelea kula, na wale waliostahimili ndio watakaozaa.

Cha kufanya ni hiki, na kiandikwe kwenye kipeperushi kabla ya kipimo chochote. Mkulima akate kamba ya mita 10, apime mraba wa mita 10 kwa 10 ndani ya shamba lake. Atie lita 5 za maji matupu kwenye bomba, anyunyizie mraba huo kwa mwendo wake wa kawaida na nozeli atakayoitumia siku ya kazi, kisha amimine yaliyobaki na kuyapima. Tuseme zimebaki lita 3. Ametumia 2. Ekari moja ina miraba 40 ya namna hiyo, kwa hiyo 2 mara 40 ni lita 80, bomba 5. Angetumia lita 4, ingekuwa lita 160, bomba 10.

Baada ya hapo weka mistari mitatu tu: ukitumia bomba 5 kwa ekari, weka mililita 40 kila bomba; ukitumia bomba 8, mililita 25; ukitumia bomba 10, mililita 20. Chini yake andika kwamba akipata pungufu ya bomba 5 amekwenda chini ya maji ya lebo, apunguze mwendo au abadilishe nozeli, kisha apime upya. Na usisahau kutaja ukubwa wa bomba. Sokoni kuna ya lita 15, 16 na 20, na yote wakulima wanayaita "solo".

Namba hizi ni za lebo uliyoniletea. Asiyekuwa na lebo hiyo asizinakili.

Ekari nitumie mita au hatua 70 kwa 70 kama walivyozoea? (Mtafsiri, Morogoro)

Hatua, ukieleza ni hatua ya namna gani. Hatua ndefu ya mtu mzima ni kama sentimita 90. Sabini zake ni mita 63, na 63 kwa 63 inakaribia kabisa ekari ya kweli. Ubaya unaanza mtu anaposoma "70 kwa 70" akachukua futi kamba na kupima mita 70. Huyo ana ekari moja na moja ya tano, na dawa ya ekari moja ataitandaza humo. Mwenye hatua fupi za sentimita 75 naye ana theluthi mbili tu za ekari, na atazidisha dawa bila kujua. Kwa hiyo andika "hatua 70 ndefu, au mita 64", kila upande. Robo ekari andika mita 32 kwa 32, maana wengi wa bustani za mboga hawafiki hata nusu ekari.

Lebo imeandikwa 150 ml/hl. Nimeandika mililita 150 kwa hekta, ni sahihi? (Iringa)

Hapana, na tafadhali kama kimeshachapwa, kikusanye. Herufi "hl" ni hektolita, lita 100 za maji. Ni mililita 1.5 kwa lita, yaani 24 kwa bomba la lita 16. Kwa tafsiri yako mkulima wa bomba 10 kwa ekari ataweka mililita 6, robo ya kinachotakiwa. Vipimo vya namna hii vinapatikana sana kwenye dawa za matunda na mboga zilizotoka Ulaya. Usikisie kifupisho kwa sababu kinafanana na unachokijua.

Huku kwetu lebo ni za Kifaransa: "1,5 l/ha". Na mashamba yetu tunahesabu kwa ari, si ekari. (Goma)

Mkato wa Kifaransa ni nukta yetu: lita moja na nusu. Kipeperushi kikivuka mpaka kwenda Kigoma na mkato wake, kuna atakayesoma 15, kwa hiyo andika kwa maneno pia. Kuhusu ari, mna bahati. Ari ni mita 10 kwa 10, ule mraba wa kamba niliomweleza afisa wa Njombe, na hekta ina ari 100. Lita 1.5 ni mililita 1,500. Gawa kwa 100, ni mililita 15 kwa ari. Mkulima wa ari 8 anahitaji mililita 120, basi. Anyunyizie ari moja kwa maji matupu ajue bomba lake linafunika ari ngapi. Likifunika 4, kila bomba ni mililita 60. Hakuna haja ya kupitia ekari.

Kibiriti kimoja cha dawa ya unga ni gramu ngapi?

Inategemea unga. Wa vumbi na wa chengachenga havina uzito mmoja kwa ujazo uleule. Andika gramu, na pendekeza pakiti ndogo inayotosha bomba moja kama ipo. Kama haipo, mwenye duka ana mizani.

Dawa ya nyanya ina siku 14 za kusubiri kabla ya kuvuna. Nimeandika "usivune ndani ya siku 14". Inatosha? (Mwanachama wa kikundi cha wakulima, Kilolo)

Kisheria inatosha. Shambani haitoshi. Nyanya zikianza kuiva huchumwa kila baada ya siku chache, na hakuna mkulima atakayeziacha zioze wiki mbili huku gari la mnunuzi limesimama barabarani. Anachofanya ni kupiga dawa Jumatatu na kuchuma Alhamisi, kisha anakula zilizobaki na watoto wake. Tafsiri inayomfaa inataja hali ya mmea: "Dawa hii ni ya kabla nyanya hazijaanza kuiva. Ukishaanza kuchuma, usiitumie. Uliza dukani dawa yenye siku chache za kusubiri iliyosajiliwa kwa nyanya." Weka na mfano wa kalenda: ukipiga tarehe 3, usichume kabla ya tarehe 17. Siku zihesabiwe kutoka upigaji wa mwisho. Nimeona vipeperushi vinavyohesabu kutoka wa kwanza.

Hapohapo angalia usichanganye siku hizi na saa za kutoingia shambani baada ya kupiga. Ni maonyo mawili tofauti, na mtafsiri mwenye haraka huyaunganisha kuwa moja.

Wakulima wanalalamika kantangaze hafi. Naweza kuongeza "ukiona hawafi, zidisha kidogo"? (Mwenye duka la pembejeo)

Huwezi. Kipimo cha lebo ndicho kilichosajiliwa, Tanzania na TPHPA, Kenya na PCPB, na kipeperushi hakina ruhusa ya kukipita wala kuongeza zao lisilotajwa. Kama kipimo kilikuwa sahihi na wadudu bado wapo, tatizo huenda ni usugu, na kuzidisha dawa ileile kunaukuza. Kwenye lebo nyingi kuna namba ya kundi. Tafsiri hiyo namba, maana wengi huiruka, na uandike: "Msimu huu usirudierudie dawa za kundi hili, badilisha uchukue ya namba nyingine." Majina ya biashara mawili yanaweza kuwa kundi moja. Wewe mwenye duka unalijua hilo kuliko mimi.

Nitajuaje kama kipeperushi kimeeleweka?

Usiulize "mmeelewa?", watasema ndiyo kwa heshima. Chukua wakulima wawili watatu ambao hawakuhudhuria mafunzo, mmoja wao awe asiyesoma vizuri ili asomewe na mtoto wake, maana ndivyo itakavyokuwa nyumbani. Wape kipeperushi, bomba la kunyunyizia, kamba, bomba la sindano na maji yaliyotiwa rangi ya chakula badala ya dawa. Kaa kimya utazame. Akiuliza swali, usimjibu. Liandike, hapo ndipo pa kurekebisha. Angalia kama amepima mraba kabla ya kuchanganya, kama amechagua mstari unaolingana na idadi ya bomba zake, na kama anasuuza chupa mara tatu na kumwaga maji ya kusuuzia ndani ya bomba badala ya mtaroni. Akikosea mstari wa kipimo, usimwelekeze kwa mdomo. Rudi ukachape upya.