Nakisi yangu ilikuwa kwenye dumu la mafuta

Mara ya kwanza nilipoamua kukiondoa kitambi nilifanya wanavyofanya wengi: asubuhi chai kavu, mchana matunda, usiku supu ya mboga. Ndani ya wiki mbili nilipungua kilo 4 na wenzangu kazini Kariakoo wakanisifu. Nyumbani Tabata walikuwa wanaona mengine. Nilikuwa silali vizuri, nafoka kwa vitu vidogo, na pushapu ambazo nilizoea kupiga 20 bila kupumzika zikashuka hadi 12. Wiki ya tatu nilishuka kituoni jioni nikapitiliza moja kwa moja kwenye banda la chips. Chips mayai, sahani mbili. Kabla mwezi haujaisha kilo zote zilikuwa zimerudi, pushapu ndizo hazikurudi.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Sehemu kubwa ya zile kilo 4 ilikuwa maji. Misuli na ini huhifadhi akiba ya wanga, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanaondoka. Sehemu nyingine ilikuwa misuli yenyewe, kwa sababu nilikuwa sili protini ya maana na sikuipa misuli kazi ya kutosha. Mafuta ya kitambini yalipungua kidogo tu.

Mara ya pili nilianza na hesabu. Nilikuwa na kilo 84, urefu sentimita 172, umri miaka 38, kazi ya kukaa mezani na kutembea kidogo. Kwa mtu kama huyo makadirio ya kalori za kubaki palepale ni kama 2,600 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kalori 7,700. Nikila 2,200, yaani nakisi ya 400, kwa wiki inakuwa 2,800, ambayo ni kama theluthi moja ya kilo na ziada kidogo. Ni mwendo wa konokono, najua. Lakini nakisi ya 400 unaweza kuibeba miezi mitatu bila watoto kukukimbia.

Swali likawa: hizo 400 nazitoa wapi? Watu wengi hukimbilia kupunguza ugali na maharage. Mimi nilikwenda jikoni kutazama dumu la mafuta.

Sisi ni wanne nyumbani, na dumu la lita 5 lilikuwa linatuishia ndani ya wiki tatu. Lita 5 za mafuta ya kula zina uzito wa kama kilo 4.6, na kila gramu ina kalori 9. Dumu zima ni zaidi kidogo ya kalori 41,000. Gawa kwa siku 21, kisha kwa watu 4: kila mmoja wetu alikuwa anakula karibu kalori 490 kwa siku kutoka kwenye mafuta ya kupikia peke yake. Hesabu hii si kamilifu, maana mafuta mengine hubaki kwenye sufuria, na watoto hawali kama mimi. Inatosha kukuonyesha mlango ulio wazi.

Tatizo letu lilikuwa kumimina. Mafuta yalikuwa yanatoka kwenye dumu kwenda sufuriani kwa kukadiria na jicho, na jicho la Mdar kwenye mafuta ni la ukarimu sana. Tukaweka sheria moja: mafuta yanapita kwenye kijiko cha chakula kwanza. Kijiko kimoja ni kama kalori 120. Mchicha uliokuwa unaogelea ukaanza kupikwa kwa vijiko viwili kwa sufuria nzima, nyanya na kitunguu vikichemka na maji yao, kijiko cha mwisho kikiwekwa karibu na kuepua ili ladha ibaki. Siku ya kwanza mke wangu alionja, akaniangalia. "Baba watoto, hii ni mboga au dawa?" Tukaongeza ndimu na pilipili, ikapita. Samaki tuliokuwa tunawazamisha kwenye mafuta tukaanza kuwachoma au kuwapika mchuzi. Mke wangu akaandika tarehe kwa kalamu juu ya dumu jipya, na lile likatufikisha wiki tano. Kwa kila mtu hapo pameondoka karibu kalori 195 kwa siku, na sahani haikupungua hata tonge.

Zilizobaki zilikuwa rahisi. Soda ya mililita 350 niliyokuwa nakunywa kila alasiri ina takriban kalori 145, nikaiweka Jumapili tu. Sukari kwenye chai nikaitoa vijiko vitatu vya kujaa hadi kimoja cha kufuta, kama kalori 60. Jumla ni 400. Sijakata ugali, sijakata wali, sijakata maharage. Kinywaji kitamu hakikushibishi hata ukinywa, kwa hiyo kukitoa hakukuletei njaa. Ugali ukiutoa, saa nne usiku utajua.

Kwenye kulinda misuli ndiko nilikobadilisha chakula chenyewe. Anayepunguza mafuta hufanya vizuri akipata takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku; mwenye uzito mkubwa sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga. Kwangu ilikuwa kama gramu 130. Asubuhi nilizoea chapati mbili. Chapati moja nzito ina kama kalori 300 na protini kidogo, kwa hiyo nikaitoa moja na mahali pake nikaweka mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya maziwa. Kalori ni zilezile, protini inapanda kwa zaidi ya gramu 10, na njaa ya saa nne asubuhi ikatoweka ndani ya siku chache. Mchana kwa mama ntilie nikaacha kuagiza wali mwingi na kipande cha samaki cha kuonjea. Nikawa naagiza hivi: wali nusu, maharage bakuli zima, samaki mkubwa. Alinitoza zaidi kwa samaki, haki yake. Usiku ugali wa dona na dagaa. Hapa niwatetee dagaa: gramu 50 za dagaa wakavu, yaani gao dogo tu, zina karibu gramu 30 za protini, kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Waoshe vizuri mchanga utoke, uwakaange kavu kwanza, ndipo uwatie nyanya. Wasizame kwenye mafuta, tusirudi kulekule.

Protini bila kazi haitoshi, misuli inataka sababu ya kubaki. Mimi si mtu wa jimu. Mara tatu kwa wiki, dakika 30, nyuma ya nyumba: pushapu, kuchuchumaa na kuinuka nikiwa nimekumbatia dumu la maji la lita 20, na kulivuta dumu hilohilo kutoka chini hadi kwenye mbavu, mgongo ukiwa umenyooka. Seti tatu tatu, kila moja nikiiacha zikiwa zimebaki mara mbili hivi kabla ya kushindwa kabisa. Niliandika idadi kwenye daftari, na daftari lile ndilo lililokuwa kipimo changu cha misuli. Idadi ikisimama au ikipanda huku uzito unashuka, unapoteza mafuta. Ikishuka wiki mbili mfululizo na unalala vizuri, nakisi yako ni kubwa mno au protini haitoshi. Kipimo cha pili ni futi ya fundi cherehani kiunoni, usawa wa kitovu, kila Jumamosi asubuhi. Uzito ukishuka na kiuno hakisogei, jiulize ni nini kinachoondoka.

Mizani nayo ina hila zake. Mimi napima kila asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, kisha natafuta wastani wa siku saba, na ni wastani huo pekee ninaoulinganisha na wa wiki iliyopita. Mwezi wa pili tulikwenda harusini Mbagala. Pilau, nyama, soda, keki. Kesho yake mizani ikasema nimeongezeka kilo 1.4. Ili yawe mafuta ningehitaji kula ziada ya kalori zaidi ya 10,000 usiku mmoja, na pamoja na sifa zote za pilau lile, haikufika huko. Ilikuwa chumvi iliyoshika maji, na chakula kilichokuwa bado tumboni. Siku nne baadaye uzito ulikuwa umerudi pale pale, bila mimi kufunga wala kujiadhibu.

Wiki ya saba na ya nane wastani haukusogea kabisa. Hapo ndipo wengi hupunguza chakula tena. Nilisubiri wiki hizo mbili zitimie, kisha nikajichunguza kabla ya kugusa sahani. Nikamkamata mwizi: karanga. Kuna kijana hupita ofisini na karanga za kukaanga, na nilikuwa nachota kiganja huku naongea na wateja. Kiganja kizuri ni gramu 30, kalori karibu 170, na vilikuwa viganja viwili. Mwizi wa pili alikuwa bajaji. Miguu ilikuwa imechoka kidogo, nikaanza kuipanda kutoka kituoni hadi nyumbani badala ya kutembea dakika 15. Ukiwa kwenye nakisi mwili hupunguza mizunguko bila kukuomba ruhusa. Karanga nikazihamishia nyumbani kwa kipimo, nikarudi kutembea, na wastani ukaanza kushuka tena.

Saa yangu ngumu ilikuwa saa kumi na moja jioni, nimesimama Kariakoo kwenye foleni ya daladala huku mihogo inakaangwa mbele yangu. Dawa yake ilikuwa saa kumi: kikombe cha mtindi usio na sukari au yai la kuchemsha, pamoja na tango. Usiku nilianza na bakuli la mchicha au matembele kabla ya kugusa ugali. Siku nilizolala kwa muda wa saa tano tu, hata mpango huu haukunisaidia sana.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla daktari hajaangalia dozi, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kwa kusoma ukurasa huu. Mjamzito na anayenyonyesha, hii si yao kwa sasa.

Ilinichukua wiki 15. Kilo 84 zikawa 79, kiuno kikatoka sentimita 101 hadi 94, pushapu zikafika 24. Kwa kuwa mwili mwepesi unatumia kidogo, sikurudi kwenye 2,600. Niliongeza kalori 100 kila wiki huku naangalia wastani, na kwenye 2,500 uzito ukasimama. Nyongeza hiyo nimeigawa: wali kidogo zaidi mchana, na ile chapati ya pili imerudi Jumamosi na Jumapili. Dumu la mafuta bado tunaliandika tarehe. Hili la sasa lina wiki ya nne na halijafika robo ya mwisho.