Skrabu ya sukari, chumvi au kahawa: angalia punje kwanza

Skrabu hizi tatu zinaweza kuchanganywa na mafuta yale yale ya nazi. Tofauti yao iko kwenye punje, hasa zinapokutana na maji, na mimi huchagua kwa kigezo hicho kabla ya harufu au bei.

Sukari huyeyuka upesi. Ukiisugua kwenye ngozi iliyolowa, punje hupungua makali zenyewe, kwa hiyo hata mwenye mkono mzito hajiumizi kirahisi. Ndiyo ninayoitumia mikononi, hasa nyuma ya mkono juu ya kiwiko, ambako wengi wetu tuna vipele vidogo vikavu vinavyokwaruza kama msasa. Sukari ya dukani ina punje kubwa, hivyo naitwanga kidogo kwenye kinu. Vijiko vinne vya sukari kwa viwili vya mafuta vinatosha mikono na miguu. Nasugua taratibu kwa viganja, nasuuza, kisha napaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mara moja kwa wiki inatosha. Vipele vitalainika, ila usitegemee vitoweke moja kwa moja.

Chumvi nayo huyeyuka, lakini huwasha kwenye mchubuko wowote, hata usiouona. Ukinyoa miguu leo, subiri angalau hadi kesho. Mimi huipeleka kwenye visigino na magoti, nikitumia chumvi laini ya mezani. Ile ya mawe naiacha jikoni.

Kahawa haiyeyuki kabisa. Punje ya mwisho ina makali sawa na ya kwanza, kwa hiyo wewe ndiye unayeamua wakati wa kuacha. Tumia iliyosagwa laini, kwenye mapaja kwa nje na miundi. Wanaosema inaondoa vishimo vya mapaja wanatia chumvi: ngozi huonekana imekaza kwa muda mfupi, basi. Machicha yake pia huziba bomba la bafu, kwa hiyo mimi huoga juu ya beseni na kuyamwaga kwenye maua.

Uso, shingo, makwapa, matiti, mapaja kwa ndani na sehemu za siri usiziguse kwa yoyote kati ya hizi. Ngozi ya huko ni nyembamba au inasuguana muda wote, na ngozi yetu nyeusi ikiwashwashwa huacha madoa yanayochukua miezi kufifia. Rafiki yangu alikuwa akisugua makwapa kwa kahawa ili yang'ae, yakazidi kuwa meusi. Nilimwambia, "Shoga, sabuni isiyo kali na kitambaa laini tu, hayo mengine peleka miguuni."

Ukimaliza, ngozi iwe laini na tulivu. Ikiwaka moto unapopaka mafuta, au ikibaki nyekundu au inauma hadi kesho yake, umesugua kupita kiasi. Pumzisha sehemu hiyo hadi itulie kabisa, na ukirudi anza na sukari iliyotwangwa.